Barua ya kumrusha mtoto darasa, aya kwa aya

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa dakika kumi. Ilianza kama barua zote za shule zinavyoanza: "Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu." Kisha ikasema mtoto wenu ameshika nafasi ya kwanza kwa mihula minne mfululizo, tangu aingie darasa la kwanza, na kwamba uongozi wa shule unapendekeza avuke darasa la tatu na kuingia la nne Januari. Nikaipeleka kwa mwalimu mkuu. Ikarudi kabla ya chai ya saa nne, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Na wa pili je?"

Wa pili alikuwa amepitwa kwa alama sita katika jumla ya masomo yote. Kama kushika namba moja ndiyo sababu, basi kila darasa lina mtoto wa kurushwa kila Desemba, hata darasa ambalo wote wanasuasua. Nafasi inamlinganisha mtoto na majirani zake wa dawati, basi. Na alama 98 kwenye mtihani wa darasa la pili inasema tu kwamba mtihani umemwishia. Alipoishia yeye hatujapaona. Ni kama kumpima mtu urefu kwa rula ya sentimita 30.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya binafsi huku Morogoro, na barua hiyo ilinichukua wiki tano kuiandika upya. Nitaeleza kilichoingia humo na sababu yake, kwa kuwa kila Novemba naulizwa na walimu wanaotaka kuandika ya kwao, na wazazi waliokwisha kupokea moja na hawajui waamini kipi.

Mtihani wa darasa ambalo hajalisoma

Tulichofanya ni kumpa mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa la tatu, yaani darasa lilelile tulilotaka alivuke. Tulichukua wa mwaka uliotangulia, ambao haukuwa ukizunguka mitaani, tukaugawa kwa siku tatu za asubuhi ili uchovu usiharibu kipimo. Halafu, baada ya wiki moja, tukampa mtihani wa muhula wa kwanza wa darasa la nne. Mtoto wa pili naye tukamfanyisha yote hayo, bila kumwambia mtu yeyote ni ya nini.

Kwenye mtihani wa darasa la tatu binti alipata Hisabati 81, Kiswahili 90, Kiingereza 84, Sayansi 66. Wa pili alipata 52, 71, 60 na 48. Zile alama sita za kwenye ripoti zilikuwa zimeficha pengo la karibu mwaka mzima. Swali la mwalimu mkuu likawa limejibiwa, na majibu hayo ndiyo yaliyokuwa aya ya kwanza ya barua mpya.

Mtihani wa darasa la nne ulijibu swali lingine: akifika huko, atatua wapi? Alipata Hisabati 58 na Sayansi 45, wakati wastani wa darasa la nne lenyewe kwa mtihani uleule ulikuwa 55 na 51. Lugha zote mbili alikuwa juu ya wastani. Kanuni niliyoifuata ni hii: mtoto anayerushwa atue katikati ya darasa jipya au juu kidogo, kabla hajafundishwa chochote cha darasa hilo. Akitua mkiani, mmemtoa mahali alipokuwa akichoka kwa kujua kila kitu mkampeleka mahali atakapochoka kwa kutoelewa.

Alama zenyewe zisikutoshe, fungua karatasi uangalie alikosa nini. Binti huyu katika Hisabati alikosa maswali yote manne ya kugawanya kwa njia ndefu, na yote mawili ya kubadili dakika kuwa saa. Mengine karibu yote alipata. Pengo la namna hiyo halinitishi: hajafundishwa, akifundishwa atashika. Ningeogopa kama angekosa swali moja moja huku na huku, hata katika yale aliyokwisha kufundishwa, kwa sababu hilo linaonyesha msingi unaoyumba. Sayansi ilikuwa na mada mbili nzima alizoziacha wazi. Kwa hiyo barua ikataja mapengo manne kwa majina, ikataja mwalimu wa kuyaziba na muda wake: vipindi kumi na viwili vya dakika arobaini, sita likizo ya Desemba na sita baada ya masomo Januari. Mzazi akisoma "atasaidiwa kufidia aliyoyakosa" hana cha kukuuliza baadaye. Akisoma "kugawanya kwa njia ndefu, vipindi vitatu", ana cha kufuatilia.

Tafiti zinasema nini, na hazisemi nini

Aya ya pili ya barua ilikuwa ya ushahidi wa nje. Baba yake ni mhasibu, nikajua ataniuliza.

Mwaka 2016 Saiyu Steenbergen-Hu na wenzake wawili wa Marekani walichapisha mjumuisho wa tafiti za karibu miaka 100 kuhusu kuwaharakisha wanafunzi, kurusha darasa ikiwa njia mojawapo. Jibu lao linategemea unamlinganisha mtoto na nani. Ukimlinganisha aliyeharakishwa na watoto wa umri wake wenye uwezo kama wake waliobaki nyuma, amewaacha mbali: wa kawaida kati ya walioharakishwa angewazidi wapatao 75 kati ya 100 wa wale waliobaki. Ukimlinganisha na wanafunzi wakubwa wenye uwezo kama wake waliokuwa tayari kwenye darasa alilofikia, hakuna tofauti ya maana. Yaani alishika mwendo wao, akiwa mdogo kwao.

Hofu ya wazazi wengi haiko kwenye alama. Ni moyo: atakuwa mpweke, atakomaa kabla ya wakati, ataharibika. Hapo upo utafiti wa mwaka 2021 wa Brian Bernstein, David Lubinski na Camilla Benbow wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Waliwafuatilia watu 1,636 walioonekana kuwa na vipaji wakiwa vijana, kwa miaka 35, mpaka wakafikia umri wa miaka 50 hivi. Kiasi walichoharakishwa shuleni hakikuhusiana na hali yao ya nafsi ukubwani, si kwa uzuri wala kwa ubaya.

Ningeweza kuishia hapo na barua ingependeza. Lakini tafiti hizi zina shimo ambalo mwandishi mwaminifu lazima alionyeshe: watoto wale hawakurushwa kwa kura. Walichaguliwa kwa sababu watu wazima waliowazunguka waliona wataweza. Kwa hiyo zinatuambia kwamba mtoto aliyechaguliwa vizuri huwa salama, hazituambii kwamba kumrusha mtoto yeyote ni salama. Tena wengi wao ni wa Marekani, kwenye madarasa ya watoto ishirini na kitu. Ukimhamisha mtoto kutoka darasa la watoto 90 kwenda jingine la 90 ambako somo moja linarudiwa wiki mbili, umembadilishia kitabu tu, mwendo ni uleule.

Kuna ushahidi mwingine unaovuta upande wa pili. Huko Briteni Kolumbia, Kanada, mwaka wa shule unahesabiwa kwa kalenda, kwa hiyo aliyezaliwa Desemba anakaa darasa moja na aliyezaliwa Januari ya mwaka huohuo. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta wavulana wa Desemba wana uwezekano zaidi kwa asilimia 30 wa kuambiwa wana ugonjwa wa kutotulia na kutozingatia, kuliko wale wa Januari. Sidhani ugonjwa unafuata mwezi wa kuzaliwa. Walimu waliuona utoto, wakauita tatizo. Watoto hao hawakuchaguliwa kwa uwezo, kwa hiyo matokeo yao hayampingi binti wetu moja kwa moja, ila yalinifanya niende kwa mwalimu wa darasa la nne kabla ya barua kutoka. Nilimwambia: huyu ana miaka minane. Akicheza na rula kama gari wakati wa kipindi, si utundu mpya, ni umri wake.

Umri, kwa njia, hakikisha kwa cheti cha kuzaliwa na si kwa rejista. Shule nyingi za binafsi huandikisha darasa la kwanza watoto wa miaka mitano. Mtoto kama huyo amesharushwa mara moja bila barua, na kumrusha tena ni kumfanya mdogo kwa miaka miwili kati ya wenzake. Binti wetu alianza akiwa na miaka sita kamili. Angekuwa ameanza na mitano, barua nisingeiandika.

Hasara zinazotakiwa kuandikwa

Barua nyingi za namna hii husema "kunaweza kuwa na changamoto ndogondogo". Mimi niliandika hivi, na ndiyo aya pekee ambayo mwalimu mkuu hakuigusa:

"Katika mtihani wa Machi mtoto wenu hatashika nafasi ya kwanza. Tunatarajia awe kati ya nafasi ya 10 na ya 20. Hili si kushuka. Tunawaomba sana asiadhibiwe wala kusemwa kwa sababu ya nafasi hiyo, na babu na bibi wanaompigia simu kuuliza amekuwa wa ngapi nao waelezwe mapema."

Huku kwetu nafasi ndiyo sarafu ya nyumbani. Mtoto aliyezoea kupewa soda kwa namba moja anaporudi na namba 17 anaona amefanya kosa ambalo halijui. Nimewahi kuona mtoto mwingine, shule nyingine, akificha ripoti chini ya godoro baada ya kurushwa. Alama zake zilikuwa nzuri kabisa.

Hasara ya pili haionekani leo. Tofauti ya mwaka mmoja kwa watoto wa miaka minane na tisa ni ndogo. Darasani kwao miaka mitatu mbele, wasichana wenzake wataanza kuvunja ungo na mazungumzo yatabadilika, naye atakuwa bado anataka kucheza rede. Hapo ndipo pia shule nyingi za binafsi hupeleka darasa la mtihani kambini, kulala shuleni. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kizuizi hicho kinahesabu darasa, hakihesabu umri, kwa hiyo mtoto aliyerushwa anatoka kwenye ulinzi wake mwaka mmoja kabla ya wenzake. Tuliandika kwenye barua kwamba swali la bweni litaamuliwa kwa umri wake, na wazazi wanaweza kukataa bila kuulizwa.

Mwandiko ni jambo dogo ila lilitusumbua. Akili ilikuwa ya darasa la nne, mkono wa darasa la pili. Kunakili ubaoni kulimchukua muda mrefu kuliko kufikiri, na mtihani hauhesabu ulichofikiri.

Kutomrusha nako kuna gharama, na mizani ikiwekwa upande mmoja tu si mizani. Dalili alizokuwa nazo binti huyu zilikuwa tatu: alimaliza zoezi kabla ya mwalimu kukaa, alianza kukosea makusudi ili wenzake wasimseme, na asubuhi za Jumatatu alikuwa anaumwa tumbo ambalo Jumamosi haliumi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishtua. Mtoto anayejifunza kujificha hujifunza haraka.

Wanaoweza kusema hapana

Chuo Kikuu cha Iowa, ambako somo hili limechunguzwa kwa miongo mingi, wametunga kipimo cha kusaidia shule kuamua. Sehemu kubwa ni alama za kujumlisha, lakini kuna mambo machache ambayo likiwepo hata moja, jumla haina kazi tena. Uwezo wa kiakili ukiwa si wa juu ya kawaida kwa kiasi cha kutosha, acha. Mtoto mwenyewe akiwa hataki, acha. Na kama ana ndugu katika darasa analokwenda, acha.

Hilo la ndugu nililisoma nikalipita. Binti huyu kwao ni wa kwanza, ana mdogo wake wa chekechea, kwisha. Siku nilipokwenda nyumbani kuongea na mama yake kabla ya barua ndipo nikamkuta mvulana anafua viatu vya shule uani. "Huyu ni mtoto wa dada yangu," mama akasema, "yuko kwenu hapo, darasa la tatu." Januari angekuwa la nne. Kipimo cha Iowa kinafikiria nyumba ya baba, mama na watoto wao. Nyumba zetu zinahesabiwa kwa waliolala humo. Mdogo atamfikia kaka yake darasani, pengine atampita, na jioni watakaa meza moja kufanya kazi moja ya nyumbani. Anayeumia hapo si anayerushwa.

Tulimuuliza kijana kabla hatujamuuliza binti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema haoni shida, ila asikae naye darasa moja. Darasa la nne lilikuwa na mikondo miwili. Tukaandika kwenye barua kwamba binti ataingia mkondo ambao kaka yake hayumo, na kwamba matokeo ya wawili hao hayatasomwa pamoja mahali popote shuleni. Kama tungekuwa na mkondo mmoja, nadhani ningeipasua.

Binti mwenyewe tulimuuliza mara mbili, mara ya pili bila wazazi. Alitaka kujua kama ataruhusiwa kula na rafiki yake wa darasa la pili. Saa ya chakula ni moja kwa wote, tukamwambia ndiyo.

Kalenda ya serikali

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania ana namba yake katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na darasa la nne lina upimaji wa kitaifa. Kumrusha kimyakimya, kwa makubaliano ya mzazi na mwalimu mkuu, ni kuahirisha matatizo mpaka siku ya usajili. Anza kwa afisa elimu kata, upate jibu la maandishi kutoka juu yake, na barua kwa wazazi itoke baada ya hapo. Kuvuka darasa la nne lenyewe usilifikirie, kwa sababu ya upimaji huo.

Siku hizi kuna hesabu nyingine ambayo mimi sikulazimika kuipiga. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na kwa utaratibu uliotangazwa elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo wanaendelea hadi la saba, nao wanamaliza 2027. Sasa chukua mtoto aliyemaliza darasa la pili Desemba 2023. Angebaki na wenzake, angemaliza 2027. Angerushwa aingie la nne, angemaliza 2027 vilevile, kwa mtaala unaoondoka. Mwaka wote uliorukwa umeyeyuka. Na kwa walio nyuma yake, kuvuka darasa la tano sasa ni kuingia moja kwa moja kwenye darasa la mwisho. Andika mwaka wa kumaliza kwenye barua, wa akibaki na wa akirushwa, kwa tarakimu, kabla hujasaini.

Wiki sita

Aya ya mwisho ilieleza majaribio ya wiki sita. Si kwa maneno ya "tutaona itakavyokuwa". Tuliandika dalili za kumrudisha: akilia au kugoma kuja shule zaidi ya mara mbili kwa wiki, akiwa chini ya 40 katika Hisabati kwenye majaribio mawili ya wiki yanayofuatana, au yeye mwenyewe akiomba. Na tuliandika jinsi atakavyorudi. Darasa la tatu lilimwekea dawati na jina lake kwenye rejista ya penseli, ili akirudi asije akaitwa amekariri darasa. Neno hilo watoto wanalitumia kama jiwe.

Wazazi walijibu baada ya siku tisa. Mama alikubali. Baba alikubali kwa sharti kwamba vipindi kumi na viwili vya kufidia visilipiwe, sharti la mhasibu, na shule ikalikubali.

Wiki ya pili binti alilia mara moja, kwa sababu ya ubao. Tukamhamishia dawati la mbele na kumruhusu kuandika majibu bila kunakili maswali. Kugawanya kwa njia ndefu kulichukua vipindi viwili badala ya vitatu. Sayansi ilichukua zaidi ya tulivyopanga, na nilikuwa nimekosea: mada moja ilitegemea nyingine ambayo sikuiorodhesha, na mwalimu aligundua hilo katikati ya Februari. Mtihani wa Machi alikuwa wa 17 kati ya 43.

Kaka yake alikuwa wa 12 katika mkondo wake. Alikuja ofisini na ripoti mkononi kuuliza kama kuna sheria inayomkataza kumwonyesha mdogo wake njia yake ya kuzidisha desimali. Nilimwambia haipo.